Naujua mtaa kama kiganja changu, mbona wenye nyumba wananipita?

*Mshauri, shikamoo.*

*Mimi ni dalali wa nyumba, huu ni mwaka wa sita. Wanunuzi ninao, lakini wenye nyumba wanaotaka kuuza wananipita. Rafiki yangu ameniambia wanausoma wasifu wangu mtandaoni, kisha wanakwenda kwa mwingine. Wenyewe ni huu: "Dalali namba moja mwenye uzoefu mkubwa! Naujua mtaa huu kama kiganja changu. Nimeuza nyumba nyingi kwa bei nzuri na kwa muda mfupi. Usichelewe, nafasi ni chache, nipigie sasa hivi!"*

*Sijadanganya popote. Nimepekua daftari langu: katika miaka mitatu iliyopita nimekamilisha mauzo 14, na 11 kati ya hayo ni ya mtaa ninaoishi. Katika tisa nilikuwa upande wa muuzaji, katika tano upande wa mnunuzi. Zile tisa zilichukua siku 12, 19, 23, 27, 34, 41, 58, 76 na moja 240. Hiyo ya mwisho bei ilishushwa mara mbili. Nyumba nyingine tatu nilizopewa kuuza, wenyewe walizitoa sokoni. Niandike nini, nisionekane najisifu wala nalazimisha watu?*

*N.B. Juzi niliuza nyumba ambayo njia yake husimama maji mvua kubwa ikinyesha. Nilimwambia mnunuzi kabla hajaja kuitazama, mwenye nyumba alikuwa amekubali. Wenzangu walinicheka, lakini aliinunua.*

*Dalali mwenye daftari*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia mwisho, kwenye ile N.B. Umeiweka pale chini kama jambo la kupitia tu, nami naona ndiyo sentensi ambayo mwenye nyumba angeisoma akanyanyua simu. Nitairudia. Kwanza nikuambie anayekusoma ni nani, maana wasifu wako unazungumza na mtu mwingine kabisa.

Unazungumza na mnunuzi. "Usichelewe" na "nafasi ni chache" ni maneno ya kumwambia mtu aliyesimama mlangoni mwa nyumba ambayo wengine wawili wanaitaka. Mwenye nyumba anayasoma kwa jicho jingine. Yeye anafikiria kukukabidhi kitu kikubwa kuliko vyote alivyonavyo, na hofu yake ni moja: huyu dalali, akija mnunuzi wa kwanza na bei ndogo, atanisukuma nikubali ili yeye achukue udalali wake aende? Akiona unaharakisha watu kwenye wasifu, ameshapata jibu.

Na hofu hiyo ina msingi. Fanya hesabu ya udalali wako. Muuzaji akisubiri wiki mbili zaidi akapata bei iliyo juu kwa asilimia 5, ongezeko karibu lote ni lake. Wewe unapata asilimia 5 ya udalali wako tu, na kwa hiyo umeongeza wiki mbili za kuonyesha nyumba na kupokea simu. Wachumi wawili, Steven Levitt na Chad Syverson, walilipima jambo hili kwa mauzo ya nyumba karibu 100,000 katika jimbo la Illinois, Marekani, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Madalali walipouza nyumba zao wenyewe, waliziacha sokoni siku 9.5 zaidi kuliko za wateja wao, na wakazipata bei iliyo juu kwa asilimia 3.7. Mwenye nyumba hahitaji kuwa amewasoma hao ili alihisi jambo hilo. Kwa hiyo maneno ya haraka yafute yote leo, na "namba moja" iende nayo, kwa sababu hakuna anayejua ni namba moja ya kitu gani.

Sasa twende kwenye daftari. Unasema umeuza "nyingi" kwa "muda mfupi". Maneno hayo mawili kila dalali anayo, hata yule aliyeuza nyumba moja mwaka juzi. Ulichonacho wewe na wao hawana ni zile namba tisa, ila zinataka kuandikwa kwa uangalifu, maana namba za kweli zinaweza kutoa picha ya uongo.

Ukizijumlisha siku zako unapata 530. Ukigawa kwa tisa, wastani ni siku 59. Sasa tazama orodha: nyumba saba kati ya tisa ziliuzwa kabla ya siku hizo 59. Ile moja ya siku 240 imeuvuta wastani mzima juu, na ukiandika "wastani siku 59" umejipunja, na pia umempa muuzaji picha isiyofanana na yanayotokea kwa kawaida. Zipange kuanzia ndogo hadi kubwa kama ulivyozipanga, uchukue ya katikati, yaani ya tano: siku 34. Hapo unaweza kusema kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa: tano kati ya tisa ziliuzwa ndani ya siku 34.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu ile 34 nayo ina lake. Imehesabu nyumba zilizouzwa tu. Zile tatu zilizotolewa sokoni hazimo ndani yake, na huenda zilikaa muda mrefu kuliko nyingi ya hizo tisa. Dalali anayepokea nyumba 40 akauza tano za haraka anaweza kujivunia siku 20 na asiwe amesema neno moja la uongo. Kwa hiyo namba inayotangulia siku ni hii: ulikabidhiwa nyumba 12, ukauza tisa. Najua inaumiza kuandika zile tatu. Ziandike. Muuzaji makini atakuuliza swali hilo ana kwa ana, na akiona umelijibu kabla hajauliza, hata hiyo 34 ataiamini zaidi.

Sema pia unaanza kuhesabu lini na unamalizia wapi. Mimi huanza siku tangazo la kwanza lilipotoka na kumaliza siku mkataba uliposainiwa. Baada ya kusaini kuna benki, wanasheria na uhamisho wa hati, na kasi ya hapo mara nyingi haiko mikononi mwa dalali. Ukipenda kuhesabu hadi makabidhiano ya funguo, sawa, ila ufanye hivyo kwa nyumba zote na uliseme. Kuna ofisi niliyofanya kazi zamani ambayo nyumba ikikaa sana, tangazo lilishushwa, likapandishwa tena baada ya wiki moja, na siku zikaanza upya kwenye sifuri. Majirani waliokuwa wamelipita bango lile miezi mitano walijua. Majirani ndio wateja wako wajao, hawasahau bango.

Bei nayo ina mtego wa aina hiyo. Chukua nyumba yako ya siku 240, na kwa kuwa hukuniambia bei, tuseme ya kwanza ilikuwa 100, ikashushwa hadi 90, kisha 82, ikauzwa kwa 80. Ukilinganisha na bei ya mwisho ya tangazo, umeuza kwa karibu asilimia 98 ya bei uliyotangaza. Inapendeza. Ukilinganisha na bei ya kwanza, umeuza kwa asilimia 80. Mwenye nyumba anakumbuka ile 100, kwa sababu ndiyo uliyomwambia siku mlipokaa sebuleni kwake. Linganisha na bei ya kwanza siku zote. Namba yako itashuka kidogo, lakini itakuwa inapima kitu kimoja ambacho muuzaji mpya anataka kukijua: je, bei anayoitaja huyu mwanzoni ndiyo inayopatikana, au anaitaja kubwa ili nimpe kazi?

Usimwage bei zenyewe hadharani. Hizo ni siri za wateja wako. Weka orodha yako nyumbani ikiwa na siku na asilimia bila majina, na useme kwenye wasifu kwamba anayetaka kuiona ataionyeshwa.

Tuje kwenye kiganja. Kuujua mtaa ndicho kitu chako cha pili kikubwa, na umekipoteza kwa msemo. Jaribu hivi: kaa chini uandike mambo ambayo mtu hawezi kuyaona kwenye ramani wala kwenye picha za tangazo, ila aliyepita hapo asubuhi, jioni na wakati wa mvua. Nyumba zilizo juu ya mteremko, je, maji ya bomba huja na nguvu ileile saa kumi na mbili asubuhi wakati kila mtu anaoga? Upande wa barabara unaotazama magharibi, jua la alasiri linaingia sebuleni hadi saa ngapi? Shule ikifungua, magari huziba njia kwa dakika ngapi? Kiwanja kipi kina mpaka ambao uzio wake haufuati vigingi vya mpimaji? Ukipata mambo sita ya namna hiyo bila kumpigia mtu simu, unaujua mtaa. Ukikwama kwenye la pili, toka ukatembee, kisha uandike.

Kwenye wasifu weka mawili tu. Hayo mawili yanamtosha msomaji kuelewa kwamba mengine unayo. Ukiyamwaga yote sita inakuwa orodha ya kasoro.

Kuna ujuzi wa mtaa ambao sitaki uuandike hata kama unao. Usiwaelezee watu wanaokaa pale: kabila lao, dini yao, uwezo wao, kwamba ni "mtaa wa watu wa heshima zao". Katika baadhi ya nchi kumwelekeza mteja kwa misingi ya kabila au dini ni kosa kisheria, na hata pasipo na sheria, unamfukuza msomaji ambaye hujui ni nani. Wala usiahidi kwamba mtaa ni salama. Sema unachokiona kwa macho: taa za barabarani zinawaka hadi kona ile, baada ya hapo hakuna. Anayesoma ataamua mwenyewe.

Sasa ile N.B. yako. Wenzako walicheka kwa sababu wanadhani kazi ya dalali ni kumfikisha mnunuzi mlangoni, mengine yatajipa. Wewe unajua kinachofuata. Mnunuzi anakuja mara ya kwanza jua linawaka, anapenda, anatoa bei, mnaanza mikataba. Wiki ya tatu mvua inanyesha, anapita kuitazama "nyumba yake", anakuta njia ni dimbwi. Hapo anajitoa, au anadai bei ipunguzwe wakati muuzaji ameshafungasha vitu na hana nguvu ya kukataa. Wewe uliyemwambia mapema ulipunguza idadi ya wageni waliokuja kutazama, hilo ni kweli, na ukamwondolea muuzaji wako hatari ya kuvunjiwa mauzo dakika za mwisho. Mwenye nyumba akisoma hivyo ataelewa kwamba ukweli wako kwa mnunuzi unamlinda yeye.

Lakini hapa nakuomba usikilize vizuri, kwa sababu ndipo wengi huteleza. Ile nyumba sasa ina mwenyewe mpya. Ukiandika hadharani "niliuza nyumba ya bondeni ambayo njia yake husimama maji", kila anayeishi mtaani ataijua, na umemshushia thamani mtu aliyekuamini. Kwa hiyo andika ulichofanya, usiandike nyumba. Hali ni hiyohiyo kwa ile ya siku 240: nyumba tisa katika miaka mitatu, nyingi katika mtaa mmoja, ni chache mno kwa yeyote kujificha.

Nimekuandikia mfano. Zile sentensi za maji na jua nimezibuni, weka zako za kweli. Na sababu ya zile siku 240 nimeikisia kutokana na bei kushushwa mara mbili, irekebishe kama ilikuwa nyingine.

> Nauza nyumba, na huwasaidia watu kununua, katika mtaa wa (jina), ambao ndimo ninamoishi. Katika miaka mitatu iliyoishia (mwezi na mwaka) nimekamilisha mauzo 14, na 11 ni ya mtaa huu. Katika tisa nilimwakilisha muuzaji, katika tano mnunuzi.
>
> Wenye nyumba 12 walinikabidhi nyumba zao niziuze. Tisa ziliuzwa, tatu wenyewe waliamua kuziondoa sokoni. Kati ya zilizouzwa, tano ziliuzwa ndani ya siku 34, kuanzia tangazo la kwanza hadi kusaini mkataba. Moja ilichukua siku 240 kwa sababu tulianza na bei iliyo juu mno. Siku hizi napanga bei ya kuanzia kwa kutazama mauzo yaliyokamilika karibu na nyumba yako, si bei za matangazo ya wengine.
>
> Nyumba za juu ya mteremko hapa hupata maji kwa nguvu ndogo alfajiri, na zinazotazama magharibi huingiwa na jua sebuleni tangu saa tisa alasiri. Mambo ya aina hiyo namwambia mnunuzi kabla hajaja kutazama, baada ya kukubaliana na mwenye nyumba, ili yasije kuvunja mauzo baadaye.
>
> Orodha ya mauzo yangu yote 14, bila majina ya wateja, naionyesha kwa anayeitaka. Viwanja na majengo ya biashara sifanyi. Napatikana kwa (namba ya simu) mchana. Jioni niandikie ujumbe, nitajibu asubuhi.

Hesabu utaona hakuna neno la sifa hata moja. Hakuna "mwaminifu", hakuna "mzoefu". Sikuyaweka kwa sababu msomaji akiyaona yameandikwa na mhusika mwenyewe huyaruka. Akifika kwenye zile nyumba tatu zilizotolewa sokoni, atalisema neno hilo yeye.

Utashangaa kwa nini nimeweka usichokifanya. Mtu mwenye kiwanja atakupita, ni sawa, asingekufaa. Mwenye nyumba yeye ataona kwamba huokoti kila kazi inayopita. Kama hilo la viwanja si kweli kwako, lifute, usiliache kwa kuwa linapendeza. Na kama sheria ya kwenu inataka namba ya leseni ionekane, iweke mstari wa mwisho kabisa, kimya kimya.

Ule mstari wa mawasiliano nao usomwe polepole. Haumwambii mtu apige. Unamwambia akipiga atakuta nini, na lini. Kwa anayefikiria kuuza nyumba walimokulia watoto wake, huenda ikampasa kuusoma mara nne kwa miezi miwili kabla hajapiga. Ndiyo maana tarehe ya hesabu iwe pale juu, na kila miezi sita uzirekebishe namba, ziwe zimepanda au zimeshuka. Akirudi mara ya tatu akakuta 12 imekuwa 14 na tisa imekuwa kumi, atajua hukuandika ukaondoka. Mauzo ya nyumba moja ukiwa umesimama pande zote mbili, yahesabu mara moja tu. Najua wapo wanaoyahesabu mara mbili.

Kabla hujauweka hewani, mpigie aliyeuza ile nyumba ya siku 240 umsomee sentensi inayomhusu, neno kwa neno. Akikubali, iache. Akisita, andika tu "moja ilizidi miezi saba" na uondoe habari ya bei, kwa sababu bei ile aliipanga pamoja nawe na si yako peke yako kuitolea maelezo. Wale watatu waliotoa nyumba zao sokoni wapigie pia. Hao waulize kwa nini walizitoa, unyamaze, uandike wanayosema kwenye daftari lilelile.